Tundu la lenzi: kwa nini mlango wa nakshi ulipotea

Mwanafunzi wangu mmoja alimpiga picha mjomba wake, muuza kahawa, kwenye kichochoro cha Mji wa Kale hapa Mombasa. Mzee ameketi, mkononi ameshika dele la shaba, nyuma yake mlango wa nakshi. Binti akaniletea picha na swali: "Mwalimu, uso umetoka vizuri, lakini mbona dele limefifia na mlango hauonekani kabisa? Nimeharibu wapi?"

Hakuharibu kitu. Alikuwa amefungua tundu la lenzi hadi mwisho, na tundu lililofunguliwa hivyo ndivyo linavyofanya.

Ndani ya lenzi mna vibati vyembamba vinavyopishana na kuacha tundu katikati. Wengi wetu huliita apacha. Vibati vikijikunja tundu hupanuka, vikikutana hubana. Upana wake husomwa kwa namba kama f/2, f/8 na f/16, na hapa ndipo wanaoanza hukwama, kwa kuwa namba ikiwa kubwa tundu huwa dogo. Sababu ni kwamba ile ni hesabu ya kugawanya: urefu wa fokasi ya lenzi unagawanywa kwa namba hiyo. Lenzi ya binti huyu ilikuwa ya milimita 50. Kwa f/2, tundu lina upana wa milimita 25. Kwa f/8 ni milimita 6 na kitu.

Sasa turudi kichochoroni. Uso wa mzee ulikuwa mita 2 kutoka kwenye kamera, dele liko sentimita 30 mbele ya uso, mlango mita 1 nyuma yake. Kihisi cha kamera yenyewe, yaani sehemu ya ndani inayopokea mwanga, ni kile kikubwa cha milimita 36 kwa 24. Kwa f/2, sehemu inayotoka kali ni kama sentimita 19 tu, karibu nusu yake mbele ya uso na nusu nyuma. Macho na masikio yamo. Dele limebaki nje, na nakshi za mlango zimeyeyuka kuwa rangi ya kahawia.

Akibana hadi f/8, ukali unaanzia kama mita 1.7 na kufika karibu mita 2.5. Dele linaingia, mlango bado umelegea. Kwa f/16 ukali unavuka mita 3, na nakshi zinasomeka. Hii ni kwa sababu kila nukta ya kitu kilicho nje ya fokasi huangukia kihisi ikiwa kiduara badala ya nukta. Tundu pana huleta miale kutoka pembeni kabisa mwa lenzi, viduara vinakuwa vikubwa na kuingiliana. Tundu jembamba huvipunguza hadi jicho linaviona kuwa nukta.

Lakini kila ukibana, unaipunguzia picha mwanga. Kutoka f/2 hadi f/2.8 mwanga unapungua nusu. Kutoka f/2.8 hadi f/4, nusu tena, na vivyo hivyo kwa f/5.6, f/8, f/11 na f/16. Kwenye kivuli cha kichochoro kile, ISO, yaani wepesi wa kihisi kuupokea mwanga, ikiwa 100, picha ya f/2 ilitaka shata, lile pazia linaloachia mwanga uingie, ifunguke kwa 1/1000 ya sekunde. Kwa f/8 lazima shata ishuke hadi 1/60, na kwa f/16 hadi 1/15. Asipoishusha, picha itatoka giza. Akiishusha hadi 1/15 huku kamera iko mkononi, itatikisika. Njia ya kutoka ni kupandisha ISO hadi 400, shata irudi 1/60, na kuvumilia chembechembe kidogo, au kuiweka kamera kwenye stendi na kumwomba mzee atulie.

Kuna kosa la upande wa pili pia. Jua la adhuhuri mbele ya Ngome ya Yesu, kwa ISO 100, linataka f/16 na shata ya 1/125 hivi. Ukibaki f/2 utahitaji 1/8000, na kamera nyingi huishia 1/4000. Kuta zitatoka nyeupe kuliko zilivyo.

Ukitaka kujua picha yako imefifia kwa sababu gani, ikuze kwenye skrini. Kama kuna kitu kimoja kikali, hata kope tu, na vingine vimelegea, tundu lilikuwa pana. Kama kila kitu kimeburuzika upande mmoja, hiyo ni shata iliyokuwa ya polepole.

Nilimshauri arudie kwa f/8. Kwa f/16 nakshi zingegombea macho na uso wa mzee, na mimi katika picha ya mtu sipendi hivyo. Alirudi na picha yenye dele kali hadi mshikio wake, macho ya mjomba yanang'aa, na nyuma yake mlango uliofifia kidogo tu, unaotambulika bado kuwa ni wa nakshi.