Kwa nini Hekima anayeita langoni anasimulia habari za milima na bahari (Mithali 8)

Katika darasa letu la Biblia hapa Tanga, mama mmoja anayeuza vitenge Ngamiani aliuliza swali ambalo wafafanuzi wengi hulipita haraka. "Mwalimu, huyu Hekima amesimama barabarani anaita watu. Sasa mbona anawaacha, anaanza kueleza jinsi milima na bahari vilivyowekwa?"

Swali hilo linagusa mshono wa sura yenyewe, ya 8 ya Mithali, ambako hekima inasema kama mtu. Mistari 21 ya kwanza iko mjini, kwenye njia panda na malango. Kuanzia mstari wa 22 hadi wa 31 tuko kabla ya dunia kuwapo. Walio wengi hushika upande mmoja tu. Anayehubiri mafanikio huchukua mstari wa 18, wenye utajiri na heshima, na kuuacha wa 20, ambako Hekima anasema anatembea katika njia ya haki. Anayependa mabishano huchukua wa 22, na hajali tena kwamba msemaji bado yuko langoni mwa mji.

Tuanze na lango lenyewe. Katika miji ya Israeli ya kale lango halikuwa tundu la kupitia tu. Kwenye magofu ya Dani, kule kaskazini, mabenchi ya mawe ya langoni bado yanaonekana. Hapo wazee walikaa. Boazi alipotaka kulimaliza suala la shamba la Naomi na ndoa ya Ruthu, alikwenda langoni, akaketi, akawaita wazee 10 wawe mashahidi. Unga na shayiri viliuzwa langoni mwa Samaria, kama inavyosimuliwa katika 2 Wafalme 7. Kwa hiyo lango lilikuwa soko na baraza la hukumu kwa pamoja. Mtu anayepaza sauti mahali hapo anasema mbele ya watu wanaonunua na kuuza, na mbele ya watu wanaoamua kesi.

Hata hivyo si Hekima peke yake aliyeko mitaani. Sura ya 7 inamweka mwanamke mwingine huko huko, katika njia kuu na kwenye pembe za nyumba. Huyo anatoka jioni, giza linapoingia. Anamkamata kijana mmoja, anambusu, anamnong'oneza kwamba mume hayupo, amesafiri na mfuko wa fedha. Hekima naye ni mwanamke, ndiyo maana mwanafunzi anaambiwa katika 7:4 amwite umbu lake. Lakini yeye anasimama mahali palipoinuka, anasema na wanadamu wote, na hana neno asiloweza kulisema mchana kweupe.

Tungeweza kuishia hapo, tukasema tofauti ni mchana na usiku, hadharani na uchochoroni. Sura ya 9 haituruhusu. Mle ndani Hekima ana nyumba yenye nguzo 7 na karamu iliyoandaliwa. Mwanamke mpumbavu naye ana nyumba, ameketi mlangoni mahali pa juu mjini, anawaita wapitao. Na mwaliko wao ni ule ule: aliye mjinga na aingie humu. Soma 9:4 kisha 9:16 uone. Sasa mpumbavu naye yuko hadharani, tena mahali pa juu. Kijana aliye njiani akitumia masikio peke yake, hawezi kujua ni nani amwamini.

Nadhani jibu la swali la yule mama liko hapa. Mistari ya 22 hadi 31 ni ushahidi. Mahali ambapo mashahidi husimama, mwenye sauti anaulizwa: wewe ni nani hata tukusikilize? Tayari katika mstari wa 6 hadi wa 9 amesema kama shahidi, kwamba kinywa chake kitanena kweli na hakuna neno lililopotoka ndani yake. Neno "ushahidi" lenyewe halimo katika mistari hii, kwa hiyo huu ni usomaji wangu. Ila angalia jinsi shairi linavyokwenda. Kwanza linataja vitu ambavyo havikuwapo bado: vilindi, chemchemi, milima, vilima, mashamba, mavumbi ya dunia. Kisha linataja kazi moja moja ikifanyika: mbingu zinathibitishwa, duara inapigwa juu ya uso wa vilindi, mawingu yanaimarishwa, bahari inawekewa mpaka. Katikati ya hayo yote dai la Hekima ni moja: "Nalikuwako."

Liweke dai hilo kando ya Ayubu 38:4, ambako Mungu anamuuliza Ayubu, "Ulikuwa wapi nilipoiweka misingi ya nchi?" Ayubu hana jibu, na hakuna mwanadamu mwenye jibu. Katika Mithali 8 yuko mmoja anayelo, naye amesimama sokoni.

Tulipofika mstari wa 29, mpaka wa bahari, darasa lilichangamka, maana hapa kila mtu anaujua. Bamvua zikija, maji ya Tanga hupanda na kushuka zaidi ya mita 3. Ngalawa zilizoelea alfajiri hulala juu ya matope kabla ya mchana. Mzee mmoja aliyevua samaki tangu ujana alituambia kwamba hajui kila samaki aliko, lakini anajua maji yatageuka saa ngapi, na ndiyo maana harudi mikono mitupu. Hicho ndicho shairi linachosema: dunia ina amri ndani yake, hata bahari inatii, na anayetuita alikuwapo amri hiyo ikitolewa. Ushauri wake kuhusu mizani ya haki au ulimi wa uongo unatoka huko huko.

Alikuwapo akifanya nini? Biblia zetu nyingi katika mstari wa 30 zinamwita stadi wa kazi. Neno la Kiebrania lililo pale, *amon*, wataalamu wengine hulisoma kuwa mtoto anayelelewa. Mimi naegemea usomaji huo wa pili, kwa sababu ya vitenzi. Katika mistari hii kila tendo la kuumba ni la Mungu: yeye anathibitisha, anapiga duara, anaweka mpaka. Hekima anazaliwa, anakuwapo karibu naye, anafurahi, anacheza mbele zake. Wanaosoma "stadi" nao wana hoja nzito, kwani Hekima ya Sulemani, kitabu kilichomo katika Biblia za Kikatoliki, kinamwita fundi wa vitu vyote.

Mstari wa 22 ndio uliowagonganisha wafuasi wa Ario, aliyefundisha kwamba Mwana wa Mungu aliumbwa, na wapinzani wao katika karne ya 4, enzi za Mtaguso wa Nikea wa mwaka 325, kwa kuwa Biblia ya Kigiriki ilisema Bwana "aliniumba" na pande zote mbili ziliamini kwamba anayesema ni Kristo. Mabishano hayo bado yanaendelea kwenye mihadhara, na nayaheshimu. Ila mtu akikuletea mstari huo peke yake, mwombe asome hadi wa 31.

Kwa sababu mstari wa 31 ndio unaomrudisha Hekima mjini. Furaha yake mbele za Mungu inageuka kuwa furaha pamoja na wanadamu, na mara moja katika wa 32 anasema: basi sasa, wanangu, nisikilizeni. Yule mama aliuliza kwa nini Hekima anawaacha watu, na shairi linaonyesha kwamba hata kabla ya milima alikuwa akielekea kwao. Halafu mstari wa 34 unageuza mahali pa kusimama: sasa ni msikilizaji anayekesha kila siku malangoni pa Hekima, akingoja penye vizingiti vyake. Tutakapokutana tena tutasoma sura ya 7, ya 8 na ya 9 kwa mfululizo, kwa sauti, bila kusimama kwenye vichwa vya sura.