Umepotea barabara ya mashambani: dhana potofu kuhusu kumweleza mwokoaji ulipo

Dhana: Nikipiga namba ya dharura, wananiona nilipo.

Usitegemee hilo. Simu nyingi za kisasa zinaweza kutuma mahali zilipo unapopiga namba ya dharura, lakini lazima kituo kinachopokea kiwe kimeunganishwa na huduma hiyo. Ukimpigia ndugu au fundi wa gari, hakuna kinachotumwa. Hata kuujua mnara uliobeba simu yako hakusaidii sana, kwa sababu mnara mmoja wa GSM kijijini unaweza kuhudumia simu iliyo umbali wa hadi kilomita 35. Kwa hiyo anza kwa kutaja mahali, kisha ndiyo ueleze kilichokupata. Simu ikikatika katikati, afadhali wajue ulipo wasijue tatizo, kuliko kinyume chake.

Dhana: Bila bando wala mtandao, simu haijui ilipo.

GPS hupokea mawimbi ya setilaiti moja kwa moja, na haihitaji data. Bila data inachelewa tu. Toka garini, simama mahali penye anga wazi, subiri dakika chache. Ukifungua Google Maps, ramani inaweza kuwa tupu, ila kitone cha bluu kitaonekana. Kitazame vizuri: kikiwa cha kijivu, kinaonyesha mahali ulipokuwa awali, si ulipo sasa. Duara pana la bluu hafifu likikizunguka, simu bado haina uhakika, subiri lipungue. Kisha bonyeza na kushikilia juu ya kitone hicho hadi namba za latitudo na longitudo zitokee. Kwenye iPhone, programu ya dira nayo huonyesha namba hizo chini ya skrini.

Dhana: Namba ni namba, nazisoma tu.

Hapa ndipo watu wengi hupotezwa mara ya pili, na hapa naomba uwe makini kuliko kwingine kote. Mahali pamoja huandikwa kwa mitindo tofauti. Tuseme Google Maps inakuonyesha hivi:

```
-4.5075, 37.2310
```

Dira ya iPhone itaandika latitudo hiyo hiyo kuwa nyuzi 4, dakika 30, sekunde 27 Kusini. Sasa msomaji mwenye haraka anasema "nne, thelathini, ishirini na saba", na anayesikiliza anaandika 4.3027. Mwokoaji atafika zaidi ya kilomita 22 kutoka ulipo, na atarudi akisema hakukuta mtu. Basi sema mtindo kwanza: "nasoma kwa nukta" au "nasoma kwa nyuzi, dakika na sekunde". Kisha taja tarakimu mojamoja: nne, nukta, tano, sifuri, saba, tano.

Alama ya kutoa mwanzoni mwa latitudo maana yake ni Kusini ya ikweta. Itaje kwa maneno, "Kusini". Usigeuze mpangilio pia. Latitudo hutangulia. Namba za mfano wetu zikigeuzwa, zinaangukia kusini mwa Hispania. Tarakimu nne baada ya nukta zinatosha, kwani hapo kosa ni mita 11 hivi; ukiishia mbili, linaweza kufika kilomita nzima. Mwisho, mwombe akurudie alichoandika, nawe ufuatishe kwenye skrini.

Mawimbi yakiwa hafifu, andika SMS. Mara nyingi hupenya pale ambapo mazungumzo yanakatika, na namba zinafika bila kusikika vibaya.

Dhana: Nikishatuma namba, vibao havina kazi.

Namba zinaonyesha nukta, hazionyeshi njia ya kuifikia. Mto ukipita kati, mwokoaji anaweza kusimama mita 200 kutoka kwako na bado akahitaji kuzunguka hadi kwenye daraja. Mwambie umetoka wapi kuelekea wapi, njia panda ya mwisho uliyopita na upande uliokunja, na kama barabara ni ya lami au ya vumbi. Nguzo ya kilomita isome pamoja na jina la barabara. Kibao kinachosema mji fulani uko "kilomita 18" mbele hakitoshi peke yake, maana kuna pande zaidi ya moja za kuufikia mji huo. Sema uko upande gani wake, na umeendesha muda gani tangu ukione. Namba iliyoandikwa kwenye nguzo ya umeme nayo itaje, kwa kuwa shirika la umeme linaweza kujua nguzo hiyo iko wapi.

Dhana: Nikisogea kuelekea taa za mbali, nitawarahisishia.

Ukisogea, namba ulizotoa zinakuwa za mahali ambapo haupo. Baki hapo. Kama ni lazima uondoke, labda maji yanapanda, tuma namba mpya mara tu utakapotulia, na uandike wazi kwamba za kwanza zifutwe.