Meza ya kusimamia siyo dawa ya mgongo

"Nafanyia kazi nyumbani, Ngamiani, Tanga, na kiuno kinaniuma. Nasikia kukaa ndiko kubaya. Ninunue meza ya kusimamia au kiti kizuri?"

Anza na kiti, ndugu yangu. Kinachouchosha mgongo zaidi ni kuganda kwenye mkao mmoja, na anayesimama saa nne mfululizo ameganda vilevile (waulize wauza duka). Kiti cha plastiki kinakiacha kiuno bila egemeo. Kabla ya kutoa hela, kunja kanga iwe nene kama ngumi, iweke nyuma ya kiuno. Nyayo zikanyage sakafu, viwiko vilingane na meza. Jaribu wiki moja, ukiinuka kila nusu saa. Ukipata nafuu, tafuta kiti chenye egemeo la kiuno, kinachopanda na kushuka. Ila ganzi ikishuka mguuni, nenda Hospitali ya Bombo ukapimwe kwanza.