Pendulamu balistiki: kupima kasi ya gololi ya manati kwa kisanduku cha udongo

Mtama ukianza kukomaa huku Chamwino na Kongwa, watoto hushinda shambani na manati wakifukuza ndege. Mwulize mmoja wao manati yake inarusha kwa kasi gani, atakuonyesha mti anaoufikia. Kasi yenyewe haoni, wala wewe huoni. Gololi ikishaachiwa, macho hayaiwahi, na saa ya simu haisaidii kitu, kwa sababu gololi imeshafika kabla kidole hakijabonyeza.

Pendulamu balistiki ni njia ya kukwepa tatizo hilo. Badala ya kuikimbiza gololi, unaiacha izame ndani ya kitu kizito kinachoning'inia, kitu hicho kinasukumwa polepole na kupanda kidogo, kisha unapima kilisogea kiasi gani. Kasi usiyoweza kuiona inageuka kuwa sentimita chache za kusomwa kwenye rula. Mwingereza Benjamin Robins alieleza kifaa hiki mwaka 1742, akakitumia kupima kasi ya risasi za bunduki za zama zake. Alining'iniza ubao mzito, akaufungia utepe kwa chini. Ubao uliporudi nyuma uliuvuta utepe, na urefu wa utepe uliovutwa ndio uliomwambia ubao umefika wapi.

Mimi hufundisha fizikia kidato cha tano, na kifaa hiki nakipenda kuliko vingi, kwa sababu kinamlazimisha mwanafunzi kujua ni kanuni ipi itumike wapi. Kuna kanuni mbili, ya momenta na ya nishati, na kila moja ina zamu yake. Ukizichanganya, unapata jibu lisilo na maana hata kama hesabu yako ni safi.

Sisi tulikitengeneza hivi. Tulichukua kisanduku kidogo cha mbao kilichoachwa wazi upande mmoja, tukakijaza udongo laini wa mfinyanzi, tukakining'iniza kwenye boriti la banda kwa nyuzi nne za fundi mwashi, kila uzi sentimita 150. Nyuzi ni nne, moja kila pembe, ili kisanduku kikisukumwa kiende mbele na juu kikiwa kimenyooka. Kikining'inizwa kwa uzi mmoja, gololi ikipiga pembeni kidogo tu kisanduku huzunguka, na sehemu ya mwendo huishia kwenye mzunguko ambao hukuupima. Nyuma ya kisanduku tuliweka ubao wenye rula, na juu ya ubao kiberiti kitupu kikigusa kisanduku. Kisanduku kikienda kinakisukuma kiberiti, kikirudi kinakiacha pale pale kilipofika mwisho. Kiberiti chetu ndio utepe wa Robins.

Gololi tuliyotumia ilikuwa ya chuma, iliyotoka kwenye beringi mbovu, gramu 20. Kisanduku na udongo wake pamoja na gololi ikiwa ndani vilikuwa kilo 1 kamili. Manati ni ya mpira wa tyubu, na anayerusha husimama karibu, upande ule wenye udongo, bila mtu yeyote kukaa nyuma ya kisanduku. Tulifanya asubuhi na mapema, ndani ya banda, kwa sababu upepo wa Dodoma ukishaanza unakitikisa kisanduku chenyewe kabla hakijapigwa.

Kiberiti kilisimama kwenye sentimita 24.

Sasa hesabu, na tunaanzia mwisho kurudi nyuma. Kisanduku kilisogea sentimita 24 kwa ulalo, lakini tunachohitaji ni kimo kilichopanda. Hicho ni kidogo mno kupimwa kwa macho, ila kanuni ya Pithagorasi inakitoa. Uzi ni mita 1.5 na msogeo ni mita 0.24:

```
h = L − √(L² − x²)
h = 1.5 − √(2.25 − 0.0576)
h = 0.0193 m
```

Yaani sentimita 1.9 tu. Hii ndiyo sababu tunapima ulalo wala si wima. Ukikosea sentimita moja kwenye 24, kasi yako inapotoka kwa asilimia 4 hivi. Ukijaribu kupima ile 1.9 moja kwa moja ukakosea nusu sentimita, kasi inapotoka kwa zaidi ya asilimia 12.

Kisanduku kilipokuwa kinapanda, nishati mwendo yake ilikuwa inageuka kuwa nishati tuli. Nyuzi zinakivuta, ni kweli, lakini muda wote zinavuta kwa pembe mraba na njia kinayopita, kwa hiyo hazikiongezei wala kukipunguzia nishati. Hewa kwa mwendo wa taratibu namna hiyo ni kama haipo. Basi kasi ya kisanduku pale kilipoanza kuondoka ni:

```
V = √(2gh) = √(2 × 9.8 × 0.0193) = 0.615 m/s
```

Hapo zamu ya nishati imekwisha. Tunageukia mgongano. Gololi iliingia kwenye udongo, na vitu viwili vikatoka pamoja kama kitu kimoja. Msukumo wa gololi kwa udongo na wa udongo kwa gololi ni sawa na unaelekea pande zinazopingana, kwa hiyo momenta iliyoipoteza gololi ndiyo kiliyoipata kisanduku. Momenta ni masi mara kasi, basi:

```
m v = (m + M) V
0.020 × v = 1.000 × 0.615
v = 30.8 m/s
```

Mita 31 kwa sekunde, kama kilomita 111 kwa saa. Gari likiwa na mwendo huo kwenye barabara ya Morogoro, trafiki watalisimamisha.

Binti mmoja darasani akanyoosha mkono. "Mwalimu, mbona tumezunguka? Nishati haipotei. Tungesema nishati ya gololi ndiyo iliyopandisha kisanduku, tukamaliza kwa mstari mmoja." Nilifurahi sana aliposema hivyo, maana wengi huifanya hesabu hiyo kimya kimya kwenye mtihani. Nikamwambia aje aifanye ubaoni. Nishati ya kupandisha kilo 1 kwa mita 0.0193 ni jouli 0.189. Akailinganisha na nishati mwendo ya gramu 20, akapata kasi ya mita 4.35 kwa sekunde.

Huo ni mwendo wa baiskeli. Nikachukua gololi nyingine nikamrushia mkononi polepole, akaidaka. "Hiyo ndiyo mita nne kwa sekunde. Sasa chungulia kwenye kisanduku." Gololi ilikuwa imezama sentimita 5 ndani ya udongo.

Kilichotokea ni hiki. Gololi ilikuja na jouli 9.47. Kisanduku kilipoanza kupanda kilikuwa na 0.189 tu, yaani asilimia 2. Zile 98 zimebaki ndani ya shimo lile la sentimita 5: zimeusukuma udongo, zimeuchana, zimeupasha joto kidogo, na nyingine zimetoka kama ule mlio tuliousikia. Nishati haikupotea duniani, ila haikubaki kwenye mwendo, na kiberiti kinaonyesha mwendo peke yake. Sehemu inayobaki ni `m/(m + M)`, kwetu 20 kwa 1000. Kadiri kisanduku kinavyokuwa kizito, ndivyo nishati kubwa zaidi inavyobaki kwenye udongo. Momenta haiwezi kufanya hivyo, kwa sababu udongo kuchanika hakuna upande unaoelekea. Momenta haina pa kujificha isipokuwa kwenye mwendo wa kitu kizima.

Sasa geuza swali: kama momenta ni mwaminifu hivyo, kwa nini tusiendelee nayo hadi juu? Kwa sababu kule juu kisanduku kinasimama, na momenta yake ni sifuri. Uzi ukishainama, unakivuta kisanduku kurudi nyuma, na huo ni mvuto wa kutoka nje. Ndani ya mgongano mvuto huo ulikuwa haujaanza. Tazama muda. Gololi ilisimama ndani ya sentimita 5, na kutoka mita 31 kwa sekunde hilo huchukua kama milisekunde 3. Kisanduku katika muda huo kimesogea milimita moja hivi, na uzi wa mita 1.5 ambao ncha yake imesogea milimita moja bado umesimama wima. Kupanda kwenyewe kunachukua kama sekunde 0.6, karibu mara 200 ya muda wa mgongano. Pendulamu balistiki inafanya kazi kwa sababu ya tofauti hiyo. Ukitumia kitu kinachoisimamisha gololi taratibu, tuseme gunia refu la pamba, mgongano utaendelea huku kisanduku kimeshaanza kupanda, na huwezi tena kusema zamu moja imeisha na nyingine imeanza.

Udongo wenyewe nao una masharti. Ukikauka, na hapa kwetu unakauka upesi, gololi inadunda badala ya kuzama. Ikidunda, kisanduku kinapata momenta zaidi ya ile gololi iliyokuja nayo, kwa kuwa kimeisimamisha na kuirudisha, na hesabu yako inatoa kasi kubwa kuliko ya kweli. Dalili ni rahisi: gololi iko chini sakafuni. Pigo hilo lifute, nyunyizia udongo maji, rudia. Na ukipiga mara kadhaa bila kuzitoa gololi, kila moja inaongeza gramu 20 kwenye uzito wa kisanduku, kwa hiyo zitoe au zihesabu. Gololi pia ipime vizuri, kwa sababu mizani ya dukani ikikosea gramu moja kwenye 20, kasi inakosea asilimia 5. Sisi tulipima kumi kwa pamoja tukagawanya.

Binti yule hakuridhika bado. "Labda manati ni dhaifu na udongo ni laini tu, mwalimu. Nitajuaje kwamba hesabu yangu ndiyo mbovu?" Swali zuri kuliko la kwanza. Tukaongeza udongo na kipande cha chuma hadi jumla ikawa kilo 2, manati ile ile, mpira ukavutwa hadi alama ile ile. Kiberiti kikasimama karibu na sentimita 12. Kwa njia ya zamu mbili: kimo ni mita 0.0048, kasi ya kisanduku ni 0.307, mara 100, na gololi inatoka mita 30.7 kwa sekunde, karibu sawa na mwanzo. Kwa njia yake ya mstari mmoja: mita 3.07 kwa sekunde, wakati mara ya kwanza alipata 4.35.

Alikaa akiitazama ile namba. "Lakini gololi inapotoka kwenye manati," akasema, "haijui kisanduku kina uzito gani."