Ganeti Haisomwi Peke Yake: Namna Staurolaiti Inavyotaja Daraja la Mwamba Geuzi

Ganeti pekee haitoshi kutaja daraja la mwamba geuzi, yaani mwamba uliobadilishwa na joto na mgandamizo. Nalisema hili mapema kwa sababu wanafunzi wengi wa jiolojia, wakishaona vifundo vyake vyekundu kwenye shisti, ule mwamba geuzi wenye tabaka za ulanga, huandika "daraja la kati" daftarini na kuendelea na safari. Daraja hueleza joto, na kwa kiasi fulani mgandamizo, ambao mwamba uliufikia ulipokuwa umezikwa chini ya ardhi. Madini ya kielelezo ni yale ambayo, yanapoonekana kwa mara ya kwanza katika mwamba wenye kemia fulani, hutujulisha kuwa kiwango fulani cha joto kimevukwa. Masharti hayo mawili, yaani kuonekana kwa mara ya kwanza na kemia ya mwamba wenyewe, ndiyo yanayosahaulika.

Aliyetuonyesha njia ni George Barrow, aliyepima miamba ya kusini-mashariki mwa nyanda za juu za Uskoti, pamoja na bonde la Glen Clova, na kuchapisha matokeo yake mwaka 1893. Kanda tunazozitaja hadi leo kwa jina lake hupangwa hivi, kutoka joto dogo kwenda kubwa: kloraiti, biotaiti, ganeti, staurolaiti, kayanaiti na silimanaiti. Kazi yake ilifaulu kwa sababu alifuatilia miamba ya aina moja, ile iliyoanza maisha yake kama matope ya baharini, yenye alumini nyingi. Mchanga uliopikwa kwa joto hilohilo hubaki kuwa kwatzi tupu na hausemi lolote, na chokaa hutoa madini mengine kabisa. Baadaye, katika miaka ya 1920, mwanajiolojia C. E. Tilley aliupa jina mstari unaochorwa kwenye ramani pale madini ya kielelezo yanapoanza kuonekana: isogradi. Tangu hapo ramani ya kanda imekuwa, kwa namna yake, ramani ya joto la kale.

Nichukue mpaka mmoja tu, ule wa kutoka ukanda wa ganeti kuingia ukanda wa staurolaiti, kwa kuwa ndio unaofundisha zaidi. Katika ukanda wa ganeti, shisti iliyotokana na matope huwa na ulanga mweupe ambao ni muskovaiti, ulanga mweusi ambao ni biotaiti, kloraiti ya kijani, kwatzi, feldispa na ganeti. Joto linapopanda na kukaribia au kupita kidogo nyuzi 550 za Selsiasi, mkusanyiko huo hauwezi tena kudumu wote pamoja. Ganeti, kloraiti na muskovaiti huanza kulana, na badala yake huzaliwa staurolaiti, biotaiti zaidi, kwatzi na maji yanayopotea kupitia nyufa. Kwa hiyo staurolaiti haiongezwi tu juu ya orodha ya awali. Hujengwa kwa kuitumia kloraiti na sehemu ya ganeti iliyokuwepo.

Mabadiliko hayo huacha alama zinazoonekana. Kwa lenzi ya mkononi, staurolaiti ni vijiti vya rangi ya kahawia iliyokolea, vigumu kuliko kwatzi, na mara nyingine viwili hupitana na kuunda msalaba wa pembe mraba au wa nyuzi 60. Ganeti haina umbo la kijiti. Huelekea kuwa duara lenye nyuso nyingi. Ukikata kipande hadi unene wa milimita 0.03 na kukiweka chini ya hadubini, staurolaiti hugeuka njano ya asali iliyopauka, tena mara nyingi imejaa vitone vya kwatzi ilivyovimeza ilipokuwa ikikua. Ganeti yenyewe huwa nyeusi kabisa vichujio vya nuru vinapopishanishwa, hata ukizungusha meza ya hadubini. Mimi hutazama kwanza ukingo wa ganeti. Ganeti iliyo mbali na staurolaiti ikiwa na nyuso zilizonyooka, na ile inayopakana nayo ikiwa imeliwa na kubaki na kingo zenye mapengo, basi nina sababu ya kuamini kwamba naiona kazi ya mpaka huo ikiwa nusu njiani.

Kisha natafuta kloraiti, na hapa ndipo penye mtego. Ikiwa ipo na imelala sambamba na ulanga katika tabaka za shisti, huenda ni ya wakati uleule wa kupanda kwa joto, na mwamba bado haujauvuka mpaka kikamilifu. Lakini ikiwa imejipachika kwenye nyufa za ganeti, imeizunguka kama gamba, au imekatiza tabaka, hiyo ilikuja baadaye, mwamba ulipokuwa ukipoa na maji yakarudi. Atakayeihesabu kloraiti hiyo atashusha daraja la mwamba bila haki. Kanuni yangu ni kwamba daraja husomwa kutoka kwenye kundi la madini yanayogusana na yasiyoonyesha dalili ya kulana, si kutoka kwenye kila punje iliyomo.

Kwa nini basi naiamini staurolaiti kuliko ganeti? Kwa sababu ganeti ni mwepesi wa kushawishika na kemia. Manganizi hupenda sana kuingia ndani yake, na shisti yenye manganizi kidogo tu zaidi ya jirani yake inaweza kuanza kuotesha ganeti mapema, kwa joto la chini kwa makumi ya nyuzi. Hilo linaweza kupimwa kwa mashine ya miali ya elektroni: katika ganeti iliyokua joto likipanda, manganizi huwa nyingi kiini na hupungua kuelekea ukingoni. Ikipanda tena ukingoni kabisa, kwa kawaida ganeti hiyo ilianza kuliwa baada ya kukua. Tena ganeti, ikishapatikana, hukaa. Katika milima ya Usambara na Pare imo ndani ya miamba iliyofikia joto la juu sana, ambako kloraiti na staurolaiti zilishatoweka zamani. Kuiweka miamba hiyo katika "ukanda wa ganeti" lingekuwa kosa kubwa.

Staurolaiti, kwa upande wake, huishi katika dirisha jembamba. Kwenye nyuzi 650 hivi, kukiwa na muskovaiti na kwatzi, nayo huvunjika na kutoa ganeti, biotaiti na kayanaiti. Kwa hiyo uwepo wake huweka mpaka wa chini na wa juu kwa pamoja. Udhaifu wake ni kwamba huchagua mwamba: hutaka alumini na chuma kwa wingi. Kwenye mteremko mmoja tabaka moja linaweza kujaa vijiti vya kahawia huku tabaka la pembeni, umbali wa hatua chache, likiwa na ganeti na biotaiti tu, na yote mawili yamepikwa kwa joto lilelile. Ndiyo maana sichori isogradi kwa kutegemea kukosekana kwa staurolaiti mahali pamoja. Nasubiri nipate tabaka lingine lenye alumini ya kutosha, na likikosa nalo, hapo nauamini mstari.

Jambo moja staurolaiti hailiwezi: kutaja kina vizuri. Kaskazini-mashariki mwa Uskoti, katika eneo la Buchan, hupatikana pamoja na andalusaiti na kodieraiti, dalili za mgandamizo mdogo. Kwenye kanda za Barrow hufuatwa na kayanaiti, iliyohitaji mgandamizo mkubwa zaidi. Mwamba ukinipa staurolaiti, joto nalijua kwa karibu; kina nakitafuta kwa kuangalia ni ipi kati ya andalusaiti na kayanaiti iliyokua kando yake.