Usaili si Tume ya Usuluhishi: dhana potofu kuhusu kushushwa cheo

Dhana: "Nikieleza kila kitu, wataona sikuwa na kosa."

Hii nimeisikia mara nyingi mno kwa watu ninaowaandaa kwa usaili, na uvumilivu wangu umeanza kupungua. Jopo halina faili la ofisi yako ya zamani wala halikumwita bosi wako ajitetee. Hata ukishinda kesi mbele yao, hakuna atakayekupa tuzo. Wanapouliza kwa nini ulishuka kutoka umeneja hadi usimamizi wa zamu, wanataka kujua mambo mawili: je, kilichotokea kinaweza kutokea tena kwetu, na je, siku ukiondoka utatusema hivi hivi?

Mteja wangu mmoja alikuwa meneja wa mapokezi katika hoteli Arusha. Mwaka 2020 wageni walipokauka kwa sababu ya korona, idara yake iliunganishwa na nyingine, akarudishwa kuwa msimamizi wa zamu, na mshahara ukashuka kutoka shilingi 2,000,000 hadi 1,200,000. Hadithi safi kabisa, ambayo kila mtu wa utalii anaielewa. Lakini nilipomuuliza kwa majaribio alizungumza dakika sita, ameshika ukingo wa meza: "Walinishusha, wakampa nafasi mtu aliyekuja juzi tu, kumbe walishapanga siku nyingi..."

Nilimwambia ahesabu ni mara ngapi alisema "wali-" bila kumtaja mtu. Hao "wao" wasio na jina ndio wanaoleta harufu ya kinyongo. "Kumbe" nayo ni hivyo hivyo, na "majungu" ndiyo mbaya kuliko zote: mtu akishaitamka kwenye usaili, mimi kama msaili naacha kuandika.

Tukalipunguza jibu likabaki sentensi nne: "Mwaka 2020 hoteli iliunganisha mapokezi na huduma za vyumba, ikabaki nafasi moja ya umeneja, na akaipata mwenzangu. Nilipewa usimamizi wa zamu kwa mshahara mdogo zaidi, nikakubali. Katika kipindi hicho niliwafundisha watumishi wa vyumba kupokea wageni, kwa sababu tulikuwa wachache. Sasa natafuta tena nafasi ya kuongoza idara, ndiyo maana nimeomba hii." Sekunde 40 hivi. Sababu imetajwa, tena kwa uhalisia, halafu kazi iliyofanyika baada ya kushuka. Hiyo sentensi ya tatu ndiyo watu huisahau, na ndiyo ambayo jopo huandika.

Jibu hilo halikutosha peke yake. Nilipomtupia swali la nyongeza, "Ulijisikiaje?", alirudi kulekule kwa "wao". Wengi huanguka hapo kwa sababu wamekariri jibu la kwanza tu. Wengine hukimbilia upande wa pili, "Nilifurahi, ilikuwa nafasi ya kujifunza," na hakuna anayeamini. Sema, "Niliumia, hasa miezi ya mwanzo," kisha nyamaza. Kuumia si kinyongo. Kinyongo huanza pale unapoanza kumhukumu mtu ambaye hayupo.

Na kama ulishushwa kwa sababu ya utendaji wako? Usijifiche nyuma ya "muundo ulibadilika". Taja upungufu mmoja na ulichobadilisha: "Ripoti zangu za mwezi zilikuwa zinachelewa, sasa nafunga hesabu kila Ijumaa." Basi.

Dhana: "Nitaandika cheo kikubwa tu kwenye wasifu, hawatajua."

Watajua. Watampigia mdhamini wako. Wataomba hati za mshahara za miezi mitatu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri akujulishe kwa maandishi masharti ya kazi yanapobadilika, kwa hiyo huenda barua ipo. Hata taarifa ya michango ya NSSF, ukiombwa, inasema: mchango wa asilimia 20 wa yule mteja wangu ulitoka 400,000 kwa mwezi ukawa 240,000. Andika vyeo vyote viwili na tarehe zake, kila kimoja kwenye mstari wake. Sababu haina nafasi kwenye wasifu. Iache hadi uulizwe.

Dhana: "Nikitaja mshahara wa sasa, nitabaki nao."

Ukitaja huo peke yake, unaweza kubaki nao kweli. Taja kiwango cha nafasi unayoomba kwanza. Wakiuliza unalipwa kiasi gani sasa, sema: "1,200,000 kwa usimamizi wa zamu, nikiwa meneja nililipwa 2,000,000." Usiongeze neno "walinikata". Tarakimu mbili zinatosha, na msaili mwenyewe atakuuliza kilichotokea katikati, nawe jibu lake unalo tayari.