Maumivu ya kitovu yakihamia chini kulia, usisubiri

Chukulia kijana wa miaka 19 huko Tandahimba. Saa mbili usiku tumbo linaanza kumuuma kuzunguka kitovu, maumivu ambayo hawezi kuyaonyesha kwa kidole kimoja. Hamu ya kula inakatika, kisha anatapika. Nyumbani wanasema ni chango. Kesho yake mchana maumivu yamehama: yako chini kulia, na sasa anagusa mahali penyewe. Akikohoa yanachoma. Akipanda bodaboda, kila shimo la barabara linamtesa.

Hivyo ndivyo kidole tumbo kinavyouma mara nyingi. Ni kifuko chembamba kilichoshikamana na mwanzo wa utumbo mpana. Tundu lake likizibwa, kwa mfano na kinyesi kilichokauka, ute hunasa ndani, bakteria huzaliana na ukuta huvimba. Neva zake huingia uti wa mgongo pamoja na zile za eneo la kitovu, kwa hiyo ubongo huyasikia maumivu kitovuni. Baadaye uvimbe hugusa utando unaofunika ukuta wa tumbo kwa ndani. Utando huo hutambua hasa panapouma, ndipo maumivu yanapotua kulia. Safari hiyo huchukua kama saa 12 hadi 24, ingawa kwa watoto wadogo, wazee na wajawazito huenda isionekane wazi.

Haraka inatokana na shinikizo la ndani. Linabana mishipa ya damu, ukuta unakufa, kisha unatoboka. Hatari hiyo hupanda zaidi baada ya saa 36 hivi tangu maumivu yaanze. Tunaomba familia zikumbuke jambo moja: kikitoboka, maumivu huweza kupungua ghafla. Huko si kupona. Usaha unamwagika, na saa chache baadaye tumbo zima linakuwa gumu na homa inapanda. Kwa hiyo usimpe mgonjwa dawa ya kumfanya aharishe, usimchue tumbo, usimlishe. Mpeleke hospitali yenye chumba cha upasuaji.

Huko, daktari akishampima, kipimo cha kwanza huwa ni ultrasaundi. Mpimaji hukandamiza tumbo taratibu kwa kifaa chake. Utumbo wa kawaida hubonyea. Kidole tumbo kilichovimba hakibonyei, na upana wake huzidi milimita 6. Huenda pia akaona kijiwe cha kinyesi ndani yake au majimaji pembeni. Siti skani huonyesha vizuri zaidi, hasa jipu au mahali palipotoboka, lakini hutumia mionzi.

Mwanamke aliye katika umri wa kuzaa hupimwa ujauzito kwanza, kwa sababu mimba iliyotunga nje ya mji wa mimba huuma vilevile. Na ripoti ikiandikwa "kidole tumbo hakikuonekana", haina maana kwamba kiko salama: gesi ya utumbo au mafuta ya tumbo huweza kukificha. Mgonjwa anayeendelea kuumia chini kulia abaki hospitali na apimwe upya baada ya saa chache.